Nina krediti 360, wao wanataka 180: nijaze nini kwenye fomu?

*Shikamoo Mwalimu.*

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya kwanza ya uchumi. Nataka kuomba shahada ya uzamili Ujerumani na masharti yao yananichanganya. Wanataka mwombaji awe na ECTS 180, na kati ya hizo, 30 ziwe za hisabati, takwimu na ekonometriki. Mimi nitamaliza na krediti 360. Nijaze 360? Rafiki yangu anayeomba Marekani anasema kule shahada nzima ni krediti 120, kwa hiyo sisi tumesoma mara tatu yao. Nina wasiwasi na hesabu hiyo.*

*Masomo yangu ya namba ni Hisabati ya Uchumi mbili, Takwimu mbili na Ekonometriki moja, kila moja krediti 10. Takwimu ya kwanza nilipata sapu, nikatoka na C. Muhula wa mwisho umeanza wiki hii na nina nafasi ya elektivi moja: Ekonometriki ya pili au Ujasiriamali. Wenzangu wengi wanakimbilia Ujasiriamali kwa sababu A inapatikana. GPA yangu ni 3.8 na naogopa kuishusha.*

*Halafu wanadai transkripti wakati sijahitimu. Nilichonacho ni matokeo niliyochapisha kutoka akaunti yangu ya chuo. Kuna wakala anasema nikimlipa atanitengenezea transkripti yenye ECTS kabisa. Mwisho wa kutuma maombi ni Mei 31.*

*Mwanafunzi wa Dodoma*

Marahaba mwanangu.

Nianze na jambo lenye haraka. Ingia kwenye mfumo wa usajili wa masomo wiki hii hii uchague Ekonometriki ya pili, kabla dirisha la kubadilisha masomo halijafungwa. Sababu nitakueleza huko chini, lakini dirisha hilo hufungwa mapema mno katika muhula, na likishafungwa hakuna barua ya kujieleza itakayokusaidia.

Sasa tuje kwenye krediti. Hicho ni kipimo cha muda wa kazi ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuifanya ili amalize somo. Hakipimi ugumu wa somo wala ubora wa mwanafunzi. Kwa Tanzania, chini ya mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi, na saa hizo zinajumuisha kila kitu: mihadhara, semina, maabara, kujisomea, kazi za nyumbani na mitihani yenyewe. Somo lako la krediti 10 limehesabiwa kuwa saa 100. Mwaka mzima ni krediti 120, yaani saa 1,200, na miaka mitatu inakupa hizo 360.

Uingereza wanatumia kipimo kama hicho hicho, saa 10 kwa krediti na krediti 120 kwa mwaka, kwa hiyo anayeomba huko hana cha kubadilisha. Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya wanatumia ECTS. Humo krediti moja ni saa kati ya 25 na 30, na mwaka mzima wa masomo ni ECTS 60. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu inakuwa 180, ya miaka minne 240. Ndiyo maana ukijaza 360 kwenye kisanduku cha ECTS, msomaji wa kule ataona mtu anayedai kusoma miaka sita, huku transkripti yake ikionyesha mitatu. Hatakuona kuwa umesoma sana. Atakuona hukuelewa swali, au atakushuku.

Njia inayoeleweka kirahisi ya kubadilisha ni kulinganisha mwaka kwa mwaka. Mwaka wako wa krediti 120 ni mwaka wao wa ECTS 60, basi gawa kwa mbili. Krediti zako 360 ni ECTS 180, na sharti lao la kwanza umelitimiza bila upungufu. Somo la krediti 10 ni ECTS 5.

Kuna wanaotaka kubadilisha kwa saa, na hapa lazima uwe macho, kwa sababu majibu hayafanani. Saa zako 3,600 za shahada nzima ukizigawa kwa 25 unapata ECTS 144 tu. Ukizigawa kwa 30 zinabaki 120. Kwa hesabu hiyo hakuna Mtanzania mwenye shahada ya miaka mitatu ambaye angefikisha 180, na vyuo vya Ujerumani vinawapokea Watanzania kila mwaka. Kwa hiyo hesabu ya mwaka kwa mwaka ndiyo yenye mantiki, nawe uitumie, lakini useme wazi kwamba ndiyo uliyoitumia. Andika karatasi moja ya maelezo uiambatishe: mwaka mmoja katika chuo chako ni krediti 120, umeulinganisha na ECTS 60, kwa hiyo kila krediti mbili zimehesabiwa kuwa ECTS moja. Kauli ya mwisho ni ya chuo unachoomba. Wewe kazi yako ni kumrahisishia anayekagua aone ulivyofika kwenye namba yako.

Rafiki yako mwambie ashushe pumzi. Marekani krediti moja ni saa moja ya darasani kila wiki, pamoja na saa zisizopungua mbili za kujisomea, kwa muhula wa wiki 15 hivi. Mwanafunzi wa kule hukusanya krediti 30 kwa mwaka, na 120 kwa miaka minne. Ukilinganisha mwaka kwa mwaka, 120 za kwetu ni 30 za kwao, kama vibaba vinne vinavyojaza pishi moja. Kwa hiyo 360 zake ni kama 90 za Kimarekani. Asiogope 90 hizo kuwa pungufu ya 120, ila asizifiche. Mmarekani anaingia chuo kikuu baada ya miaka 12 ya shule, akaongeza minne, jumla 16. Mtanzania amesoma saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, kisha mitatu ya chuo: jumla 16 pia. Kwa sababu hiyo cheti chake cha kidato cha sita kina kazi kubwa kwenye maombi ya Marekani, akiweke pamoja na transkripti hata pale ambapo fomu haikukitaja kwa jina. Krediti zake aziache kama zilivyoandikwa. Chuo kikihitaji zibadilishwe kitamwambia atume nyaraka kwa taasisi gani ya tathmini.

Turudi kwako, kwenye zile ECTS 30 za masomo ya namba. Hapa ndipo waombaji wengi wa uchumi hukwama, kwa sababu huangalia jumla ya krediti na GPA, wakidhani sharti hili la ndani ni mapambo. Si mapambo. Mkaguzi anakuwa na jedwali, anapitia transkripti yako mstari kwa mstari, anachukua kila somo la hisabati, takwimu au ekonometriki na kujumlisha krediti zake. Jumla isipofika, ombi linaweza kuwekwa kando kabla mtu hajasoma barua yako ya maelezo binafsi.

Tujumlishe kama yeye. Hisabati ya Uchumi mbili ni krediti 20. Takwimu mbili ni 20. Ekonometriki moja ni 10. Jumla 50, sawa na ECTS 25. Umepungukiwa ECTS 5, yaani somo moja la krediti 10, na somo hilo ndilo liko mbele yako muhula huu.

Naona umeitaja ile C ya Takwimu kwa unyonge. Kwenye hesabu hii haina doa. Krediti za somo unazipata zote pale unapofaulu, iwe kwa A au kwa C, iwe mara ya kwanza au kwa mtihani wa sapu. Alama inakwenda kwenye GPA. Krediti zinakwenda kwenye jumla. Ungekuwa bado unadaiwa somo hilo, hapo krediti zake zisingehesabika, na ningekwambia kitu kingine.

Elektivi ni somo unalolichagua mwenyewe kutoka orodha ya idara, tofauti na masomo ya lazima ambayo kila mwenye programu yako anayasoma. Ukishalisajili na kulifaulu, krediti zake zina uzito sawa na za somo la lazima, kwenye jumla na kwenye GPA. Mkaguzi wa Ujerumani hajali kama Ekonometriki ya pili ulilazimishwa au ulijichagulia. Anajali jina la somo, maudhui yake na krediti zake. Ndiyo maana nafasi hii moja ya elektivi ina thamani kubwa kwako: masomo ya lazima yameshapangwa na huwezi kuyagusa, hili ndilo pekee unaloweza kulielekeza kwenye sharti lao. Ujasiriamali ungekupa krediti 10 zilezile kwenye ile 360, ila kwenye jedwali la masomo ya namba ungekupa sifuri.

Na uandikishwe rasmi. Kuna wanafunzi wanaosajili somo jepesi halafu wanakaa darasani kwenye lile gumu ili wajifunze tu. Kujifunza ni kuzuri, lakini somo ambalo hukusajiliwa halitokei kwenye transkripti, na lisilotokea kwenye transkripti halipo.

Hofu yako ya GPA naielewa, basi tuipime kwa namba. Tuchukulie una krediti 350 ukiliacha hili somo moja, na wastani wako kwenye hizo ni 3.8. Pointi zako ni 350 mara 3.8, sawa na 1,330. Ukichukua Ujasiriamali ukapata A, ambayo ni pointi 5, unaongeza 50, inakuwa 1,380. Gawa kwa 360, unapata 3.83. Ukichukua Ekonometriki ya pili na mambo yakawa magumu ukaambulia C, pointi 2, unaongeza 20, inakuwa 1,350. Gawa kwa 360, unapata 3.75. Kati ya matokeo mazuri kabisa upande mmoja na C upande wa pili, tofauti ni 0.08. Somo moja la krediti 10 haliwezi kuitikisa GPA iliyojengwa kwa krediti 350, kwa sababu GPA inapima kila alama kwa krediti za somo lake.

Sasa tuone Wajerumani watakavyoisoma GPA hiyo. Kwao alama bora ni 1.0 na ya chini ya kufaulu ni 4.0, kinyume na yetu. Vyuo vingi hubadilisha alama za nje kwa kanuni hii:

```
alama = 1 + 3 × (juu − yako) / (juu − chini)
```

Juu ni GPA ya juu kabisa inayowezekana, kwetu 5.0. Chini ni GPA ya chini ya kuhitimu, kwetu 2.0. Ukiweka 3.83 unapata takriban 2.17. Ukiweka 3.75 unapata 2.25. Kwa kuwa tofauti ya 5.0 na 2.0 ni 3, kwa mfumo wetu kanuni inajifupisha yenyewe: toa GPA yako kwenye 6. Programu nyingi huweka mpaka kwenye 2.5, ambayo kwetu ni GPA 3.5. Angalia mpaka wa programu yako, lakini kama ni huo, uko ndani yake kwa vyovyote vile, hata chuo chako kikiandika 3.7 badala ya 3.75. Kwa hiyo unachagua kati ya kupoteza sehemu ndogo ya alama ambayo haikuondoi mashindanoni, na kukosa sharti ambalo linakuondoa kabisa. Kama GPA yako ingekuwa imekaa palepale kwenye 3.5, ningekuwa mwangalifu zaidi kabla ya kukushauri hivi.

Jambo moja zaidi kuhusu zile 30. Unazifikia kwa Ekonometriki ya pili bila akiba hata ya krediti moja. Mkaguzi akikataa kulihesabu somo moja, umeanguka. Kwa hiyo tazama masomo mengine uliyosoma ambayo majina yake yanaficha takwimu ndani. Mbinu za Utafiti, kwa mfano, katika idara nyingi za uchumi ina wiki kadhaa za sampuli, majaribio ya dhana na uchambuzi wa data kwa kompyuta. Kwenye transkripti linaonekana kama somo la kuandika pendekezo la utafiti. Nenda idarani uombe silabasi ya somo hilo na ya masomo yako yote ya namba: ukurasa unaoonyesha mada za kila wiki, saa, krediti na vitabu vilivyotumika. Mratibu wa shahada awekee mhuri. Kisha uandike barua pepe kwa mratibu wa programu kule Ujerumani, fupi, yenye jedwali la masomo hayo, krediti za chuo chako na ECTS ulizokokotoa, umuulize mambo mawili tu: kama anakubali kugawa kwa mbili, na kama Mbinu za Utafiti linaweza kuhesabika walau kwa sehemu. Watu hao hujibu maswali ya aina hii. Wasichokijibu kwa hamu ni barua inayouliza "je, nina sifa?" bila namba yoyote ndani.

Tuje kwenye transkripti. Karatasi uliyochapisha kutoka kwenye akaunti yako haitoshi, kwa sababu haina saini wala mhuri, na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuibadilisha. Transkripti ni hati ya chuo inayotolewa na ofisi ya msajili, yenye jina lako, namba ya usajili, programu, kila somo kwa msimbo na jina lake, krediti, alama, na GPA, pamoja na saini na mhuri. Ile ya mwisho hutoka baada ya seneti ya chuo kuidhinisha matokeo na wewe kumaliza fomu ya kuaga chuo, inayopita maktaba, uhasibu, bweni na kadhalika. Kama una kitabu cha maktaba au deni dogo la ada, ndipo linapokuzuia, kwa hiyo lisafishe sasa.

Wewe ya mwisho hutaipata kabla ya Mei 31, na huihitaji. Omba transkripti ya muda: hati ileile kutoka kwa msajili, yenye saini na mhuri, inayoonyesha masomo yote hadi muhula uliopita. Kwa mihula mitano utakuwa na krediti 300 hivi, sawa na ECTS 150. Programu zinazopokea wanaosubiri kuhitimu huandika kiwango cha chini cha ECTS ambacho lazima kiwe kimekamilika siku ya kutuma maombi. Kitafute kwenye masharti yao, kwa kawaida kiko karibu na sehemu ya nyaraka.

Lakini angalia mtego uliomo. Transkripti ya muda itaishia muhula wa tano, kwa hiyo Ekonometriki ya pili haitakuwemo. Mkaguzi atajumlisha masomo ya namba na kupata ECTS 25, palepale tulipoanzia. Dawa yake ni barua ya pili kutoka kwa msajili au mkuu wa idara, inayosema kwamba umesajiliwa muhula huu kwa masomo fulani, na kuyataja yote kwa msimbo, jina na krediti, pamoja na mwezi ambao matokeo yanatarajiwa. Iombe baada ya usajili wako kuthibitishwa, wala usisubiri Mei. Ofisi za msajili mwezi wa Mei zina foleni ya kila mwenye ndoto kama yako. Kwenye jedwali lako la masomo ya namba, liandike somo hilo pamoja na mengine na uweke wazi pembeni kwamba bado linaendelea.

Ukipokea transkripti, usiikunje ukaondoka. Kaa hapo hapo usome kila mstari. Jumlisha krediti mwenyewe uone kama zinafika 300. Tafuta somo lenye herufi I badala ya alama, maana yake kuna matokeo hayajakamilika, mara nyingi alama za kazi za darasani ambazo mhadhiri hakuziwasilisha. Tafuta somo la sapu uone kama limeandikwa alama mpya au bado linaonyesha kufeli. Makosa haya yanarekebishika ndani ya wiki chache ukiwa bado mwanafunzi unayeweza kumfuata mhadhiri ofisini. Ukiwa Ujerumani, unamtafuta kwa simu ambayo haipokelewi.

Kisha geuza karatasi. Nyuma yake, au chini kabisa, pana ufunguo wa alama: A inaanzia ngapi, B+ inaanzia ngapi, GPA ya kila daraja. Wengi huskani ukurasa wa mbele tu. Katika vyuo vyetu vingi A huanzia 70, na B ni 50 hadi 59. Mtu wa Marekani, ambako 72 kwa kawaida ni C, akiona alama zako bila ufunguo atakudhulumu bila kujua. Mjerumani naye bila ufunguo hawezi kujua kwamba juu ni 5.0 na chini ni 2.0, na ile kanuni niliyokuonyesha itakosa namba za kuweka. Skani pande zote mbili, kwa rangi, mhuri uonekane.

Vyuo vingine huagiza maombi yapite uni-assist, shirika linalokagua nyaraka za wanafunzi wa nje kwa niaba ya vyuo vingi vya Ujerumani. Kama chako ni kimojawapo, muda wao wa kukagua ni juu ya muda wako, kwa hiyo kwako Mei 31 ichukulie kuwa mwisho wa Aprili. Soma maelekezo uone kama wanataka nakala iliyothibitishwa. Ikiwa ndivyo, unakwenda na hati halisi kwa wakili au ofisi inayothibitisha nakala, naye anaigongea mhuri na kusaini baada ya kuiona hati yenyewe. Transkripti yako imeandikwa Kiingereza, hivyo programu ya Kiingereza haitakudai tafsiri. Wenzetu wa Burundi na Kongo wenye hati za Kifaransa ndio wanaopaswa kuangalia sharti hilo. Na kama utakutana na chuo kinachotaka transkripti kwenye bahasha iliyofungwa na msajili, yenye mhuri juu ya mkunjo, usiifungue hata kwa kutaka kuhakiki. Ikifunguliwa imekufa. Omba nakala yako ya kusoma kando.

Huyo wakala mkimbie. Transkripti inatolewa na chuo chako peke yake, na chuo chako kinaandika krediti za Tanzania. Hati yenye ECTS ambayo msajili hakuitoa ni ya kughushi, hata kama kila alama iliyomo ni ya kweli na hata kama hesabu ya kugawa kwa mbili ni sahihi. Chuo cha Ujerumani kikimwandikia msajili wako kuhakiki, na vinaweza kuhakiki hata baada ya kukupokea, msajili atajibu kwamba haitambui karatasi hiyo. Utapoteza nafasi, viza, na pengine shahada yako ya hapa. Kitu anachokuuzia wewe umeshakifanya hapa juu kwa kalamu: transkripti halisi ya msajili mkononi, na karatasi yako ya maelezo pembeni yake, yenye jina lako na saini yako, ikionyesha jinsi 360 zilivyokuwa 180.

Mwisho, jina. Linganisha jina kwenye cheti cha kidato cha nne, cheti cha kidato cha sita, transkripti na pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la babu likiwemo kwenye hati moja na kukosekana kwenye nyingine, au herufi moja ikigeuka, nenda kwa wakili ukaapishwe hati ya kiapo inayosema majina yote hayo ni ya mtu mmoja, uiskani pamoja na transkripti. Kama kosa liko kwenye transkripti yenyewe, lirekebishwe kwa msajili kabla hati ya mwisho haijachapishwa, maana kile kitakachoandikwa pale ndicho kitakachoandikwa kwenye cheti chako cha shahada.